Pesa ya upatu na nusu loti: namna mkopo wa dalali unavyoila akaunti ndogo

Dada yangu anacheza upatu na wenzake tisa hapa Maskati. Kila mmoja anatoa riali 100 kwa mwezi, na anayefikiwa na zamu anachukua 1,000. Zamu ya dada ilikuwa ya nne, na pesa ile ilikuwa na kazi yake tayari: kupaua nyumba ya Unguja kabla ya masika. Mwanawe mkubwa akamwambia, "Mama, masika bado. Nipe miezi mitatu niizungushe, nitakurudishia na faida." Mama ni mama, akampa.

Wiki ya kumi na moja kijana alikuja kwangu usiku, akakaa kwenye ukumbi bila ya kugusa kahawa. Katika akaunti yake ya foreksi zilikuwa zimebaki dola 49, yaani kama riali 19. Alikuwa na hakika kwamba ameibiwa. "Mjomba, hawa watu wanachezea bei," alisema. Mimi nimefanya kazi ya uhasibu miaka mingi, na akiniletea mtu karatasi lazima niisome. Nikamwambia anitolee taarifa yote ya akaunti, kutoka siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Tuliisoma mstari kwa mstari mpaka karibu na alfajiri. Hatukukuta wizi. Dalali alikuwa na leseni, bei zilikuwa ni zile zile za soko, na mara moja kijana aliwahi kutoa dola 200 zikamfikia bila ya matata. Pesa ilikwisha kwa hesabu ya kawaida kabisa, na hesabu hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu najua majumba mengi ya kwetu, kuanzia Sib mpaka Dubai, yana kijana mwenye programu ile kwenye simu.

Matapeli wa kweli, wale wanaokutaka ulipe "kodi" kabla ya kutoa pesa zako, nitawaacha. Hao ni habari ya polisi. Nazungumzia biashara iliyo halali kwa mujibu wa sheria za nchi, na ambayo bado akaunti nyingi ndogo zinakwisha.

Kubadilisha pesa sisi hatuna ugeni nako. Ukienda duka la kubadilishia pesa pale Ruwi utakuta bei mbili ubaoni, ya kununua na ya kuuza. Tuseme wananunua riali moja kwa shilingi 6,500 na wanauza kwa 6,700. Ukitoa riali 100 utapata shilingi 650,000. Ukigeuka hapo hapo, kabla hujatoka mlangoni, ukataka riali zako, utapewa 97. Bei haijatikisika, hujakosea jambo lolote, na riali tatu zimekwenda. Ule mwanya baina ya bei mbili ndiyo riziki ya duka. Anayetuma pesa nyumbani mara moja kwa mwezi haoni tabu nao. Mtu akisimama dirishani pale kutwa nzima, anabadilisha na kurudisha, watu wa nyumbani wangempeleka kwa daktari.

Foreksi ya simuni ni dirisha lile lile, ila mwanya wake ni mwembamba mno. Euro ikiwa inauzwa dola 1.08500, utainunua kwa dola 1.08516 hivi. Wenyewe huhesabu kwa pointi, na pointi moja ni tarakimu ya nne baada ya nukta, basi mwanya huu ni pointi moja na sehemu sita. Kwa kila dola mia ni kiasi cha senti moja na nusu. Ukilinganisha na duka la Ruwi, ni bure. Kila tangazo linasema hivyo, na ni kweli. Sasa ingiza mkopo.

Mpwa wangu alikuwa na dola 2,600, ndiyo riali 1,000 kwa bei ambayo Oman imeifunga kwa dola tangu mwaka 1986. Kwa pesa hizo angeweza kununua euro 2,400 hivi. Lakini dalali alimpa levereji ya 1:500, maana yake kwa kila dola moja ya dhamana anaweza kushika biashara ya dola 500. Kipimo cha biashara hizi ni loti, na loti moja ni euro 100,000. Yeye mara nyingi alikuwa akifungua nusu loti, euro 50,000, zenye thamani ya dola 54,250. Programu ilimkatia dhamana ya dola 108 na nusu tu, kwa hiyo machoni pake alikuwa ametumia sehemu ndogo sana ya pesa ya mama. "Zaidi ya 2,400 zilikuwa zimekaa tu, mjomba." Hazikuwa zimekaa. Alikuwa ameshika mzigo mara 21 ya mali yake, na zile 2,400 ndizo zilizokuwa zikiubeba.

Watu wote wameshasikia kwamba mkopo unakuza faida na unakuza hasara. Kijana naye alikuwa akijua, aliweza kunihutubia. Ambalo hakuwahi kulifikiri ni kwamba mkopo unakuza na gharama. Mwanya wa pointi moja na sehemu sita haukatwi kwenye dola zako 2,600. Unakatwa kwenye mzigo mzima wa euro 50,000, na hapo unakuwa dola 8. Dola 8 ukizilinganisha na 54,250 si kitu. Ukizilinganisha na 2,600 ni senti 31 katika kila dola mia, na zinakwenda wakati ule ule unapobonyeza, bei isogee isisogee.

Tukahesabu biashara alizofungua katika wiki zile kumi na moja. Zilikuwa 142. Wala si nyingi, ni mbili au tatu kwa siku ya kazi, na najua vijana wanaofanya ishirini. Mia na arubaini na mbili mara dola 8 ni dola 1,136. Pesa ya upatu ilikuwa 2,600, kwa hiyo zaidi ya sehemu nne katika kila kumi ilikwenda dirishani, kama ile riali tatu ya Ruwi, kabla hatujauliza kama kijana anajua kutabiri euro au hajui. Kwenye taarifa hutaukuta mstari ulioandikwa "gharama, 1,136". Mwanya umo ndani ya bei yenyewe. Kila biashara inaanza ikiwa nyekundu kidogo, na baada ya siku mbili jicho linazoea.

Tukafanya hesabu ya pili. Biashara zile zile 142, dakika zile zile, lakini kwa pesa yake mwenyewe tu bila ya mkopo, euro 2,400 kila mara. Mwanya ungemla dola 54 kwa jumla. Kijana aliitazama namba hiyo muda mrefu. Biashara ni hizo hizo na akili ni hiyo hiyo, lakini mlango wa kuingilia umelipiwa mara 21.

Jambo la pili taarifa ile ilitufundisha nami sikulitarajia. Kijana hakuwa mbovu wa kutabiri. Katika biashara 142 alishinda 93, karibu theluthi mbili. Ndiyo maana moyo wake ulikuwa haumkubalii kwamba anapoteza, siku nyingi alilala ameshinda. Lakini ushindi wake wa wastani ulikuwa dola 30, na hasara yake ya wastani dola 109. Piga hesabu: 93 mara 30 ni 2,790 zilizoingia, na 49 mara 109 ni 5,341 zilizotoka. Tofauti ni dola 2,551. Kwa ukubwa ule wa hasara na udogo ule wa faida ilimpasa ashinde zaidi ya biashara 78 katika kila mia ili arudi sifuri tu.

Kwa nini hasara ziwe kubwa kuliko faida? Nilimuuliza, akanijibu kwa ukweli. Biashara ikiwa kijani kidogo anaogopa isigeuke, anaifunga. Ikiwa nyekundu anangoja irudi, kwa sababu mara nyingi hurudi. Kila mtu ana tabia hiyo, hata muuza samaki Darajani anajua kuwauza kwa haraka wanaotakiwa na kungojea mnunuzi wa waliolala. Lakini muuza samaki hakukopa mara 21, na samaki wake hawapandi deni kila dakika. Na mkopo ukiwa mkubwa, kungoja kwenyewe kuna mwisho wake.

Mwisho huo ndio uliomfika Ijumaa moja. Mpaka siku hiyo pesa ilikuwa imeshuka hadi dola 640. Hapo angalia mtego ulivyo: aliyepoteza robo tatu ya pesa yake hatosheki na faida ya robo tatu ili arudi alipokuwa. Inabidi alichobaki nacho akikuze mara nne. Kwa nusu loti aliona hatafika kabla mama hajauliza. Akafungua loti nzima, euro 100,000, ananunua kwa 1.0850, nusu saa kabla ya Marekani kutangaza takwimu za ajira, ambazo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Wakati wa kiangazi ni saa kumi na nusu alasiri kwa saa za Maskati.

Kwa loti nzima kila pointi ni dola 10. Dhamana ilikuwa dola 217. Dalali huyu alikuwa na kanuni, nayo imo kwenye mkataba ambao hakuna aliyeusoma, kwamba mali iliyobaki ikishuka na kuwa nusu ya dhamana, yeye mwenyewe anaifunga biashara bila ya kukuuliza. Nusu ya 217 ni kama dola 108. Basi kutoka 640 mpaka 108 kijana alikuwa na nafasi ya dola 532, yaani pointi 53. Euro na dola kwa siku ya kawaida husogea pointi hamsini mpaka mia, juu na chini. Kwa maneno mengine, alikuwa ameweka pesa ya mama yake kwamba katika siku yenye habari kubwa kuliko zote za mwezi, bei haitatikisika hata kama inavyotikisika Jumanne isiyo na kitu.

Takwimu zikatoka. Euro ilianguka pointi sitini kwa dakika chache. Dalali alifunga, na kwa vile katika dakika kama zile bei hairuki hatua moja moja bali inaruka kundi, na mwanya nao hupanuka, haikufungwa kwenye pointi ya 53 bali kwenye ya 59. Zikabaki dola 49. Ilipofika saa mbili usiku euro ilikuwa imerudi juu ya 1.0850, pale pale aliponunulia, na ikaendelea kupanda. Hapo ndipo alipoona ameibiwa, kwa sababu mwelekeo aliusema sawasawa. Lakini bei ilikuwa imeanguka kwa nusu asilimia tu na kuinuka tena. Mwenye euro zake kabatini asingejua hata kama kuna kitu kimetokea. Aliyekopa mara 170 alikuwa ameshatolewa uwanjani.

Utasikia wakisema dawa ni kuweka amri ya kukata hasara, yaani kumwambia dalali mapema afunge bei ikifika mahali fulani. Ni afadhali kuiweka kuliko kutoiweka. Lakini amri ile ni ombi la kufungiwa kwa bei itakayokuwapo, na siku nyingine bei haipo. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi, ambayo kwa zaidi ya miaka mitatu ilikuwa ikiizuia euro isishuke chini ya faranga 1.20, iliacha kufanya hivyo asubuhi moja bila ya kumtahadharisha mtu. Katika dakika chache euro ilianguka mbele ya faranga kwa karibu sehemu tatu ya kumi. Waliokuwa wameweka amri ya kukatiwa hasara pointi chache chini ya 1.20 walifungiwa mbali sana huko chini. Wengi waliamka si kwamba hawana kitu tu, bali wanadaiwa na dalali. Kampuni ya Alpari ya Uingereza ilifilisika, na FXCM ya Marekani ilinusurika kwa mkopo wa dola milioni 300. Ikiwa madalali wenyewe waliangushwa, mwenye dola 600 na amri yake asijione yuko ngomeni.

Sasa, nani yuko upande wa pili ukinunua? Soko la fedha duniani ni kubwa kweli. Benki ya Malipo ya Kimataifa ya Basel ilihesabu dola trilioni 7.5 kwa siku mwezi wa Aprili 2022. Matangazo hupenda namba hiyo. Lakini hilo ni soko la mabenki na mashirika makubwa, na nusu loti ya kijana wa Sib kwa kawaida haifiki huko. Madalali wengi huishika humo humo ndani. Wewe ukinunua, dalali ndiye anayekuuzia, na hasara yako inabaki kwake. Wala hana haja ya kuchezea bei. Anajua kutokana na vitabu vyake kwamba kundi la akaunti ndogo zenye mkopo mkubwa litapoteza, kama bima inavyojua kiasi cha magari yatakayogongana. Wale wachache wanaoshinda kwa muda mrefu, biashara zao ndizo anazozipeleka nje kwenye soko la kweli ili asibaki nazo.

Na kuna mtu wa tatu, "mwalimu" wa kundi la WhatsApp au Telegram. Mpwa wangu alikuwa naye mmoja, kijana wa kwetu huyo huyo, mwenye Kiswahili kitamu na picha za gari. Alikuwa akitoa ishara za kununua na kuuza bure kabisa, sharti moja tu: ufungue akaunti kwa kiungo chake. Kwa kiungo hicho dalali humlipa mwalimu kwa kila loti unayofungua, ushinde au ushindwe, na katika mikataba mingine humpa fungu la hasara yako. Sisemi kila mwalimu ni mwongo. Nasema mwalimu anayelipwa kwa idadi ya loti hana sababu ya kukwambia leo pumzika. Swali la kumuuliza ni jepesi: unalipwa na nani, na kwa hesabu gani? Na picha ya faida ya siku moja haitoshi. Mwambie aonyeshe taarifa ya mwaka mzima.

Baadhi ya nchi zimewalazimisha madalali kusema ukweli. Mwezi wa Machi 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilitangaza kwamba, kwa uchunguzi wa nchi mbalimbali, kati ya akaunti 74 na 89 katika kila mia za watu wa kawaida hupoteza pesa katika biashara za aina hii. Kabla ya hapo, mwaka 2014, wasimamizi wa masoko wa Ufaransa walifuatilia wateja kwa miaka minne wakakuta 89 katika kila mia wamepoteza, kwa wastani wa karibu euro 10,900 kila mmoja. Tangu Agosti 2018 dalali wa Ulaya haruhusiwi kumpa mteja wa kawaida zaidi ya 1:30 katika sarafu kubwa, hamruhusu adaiwe zaidi ya alichoweka, na analazimika kuandika kwenye ukurasa wake ni asilimia ngapi ya wateja wake wanapoteza. Marekani mpaka ni 1:50.

Jinsi gani basi sisi huku tunapewa 1:500, na wengine 1:1000, na kampuni ikiwa na jina lile lile? Teremka mpaka chini kabisa ya ukurasa, kwenye maandishi madogo. Kampuni moja huwa na matawi kadhaa yaliyosajiliwa mbali mbali. Mteja wa London anaandikishwa kwenye tawi la Uingereza, na mteja wa Maskati mara nyingi anaandikishwa kwenye tawi la kisiwa fulani ambako mipaka hiyo haipo. Leseni inayotangazwa juu ya ukurasa inaweza kuwa ya tawi ambalo wewe si mteja wake. Kwa Oman, anayeuliza ni nani ana ruhusa ya kufanya biashara ya fedha nchini aende kwa Mamlaka ya Huduma za Fedha, iliyochukua nafasi ya Mamlaka ya Soko la Mitaji mwaka 2024. Na kama dalali yule yule ana ukurasa wa wateja wa Ulaya, ufungue uisome ile asilimia yake. Ni habari ya bure aliyolazimishwa kuitoa.

Dada aliniuliza pia kuhusu "akaunti ya Kiislamu", kwa sababu kijana alimtuliza kwa hilo. Katika akaunti ya kawaida, biashara ikilala usiku hutozwa au hulipwa riba ya siku, inaandikwa "Swap" kwenye taarifa. Akaunti ya Kiislamu inaondoa mstari huo. Madalali wengi huirudisha kwa njia nyingine, ama mwanya mpana zaidi, ama "ada ya utawala" baada ya siku kadhaa. Kwa hesabu peke yake, hakuna punguzo. Kwa upande wa dini mimi si mwanachuoni, ila inafaa kujua kwamba Baraza la Fiqhi la Rabita lilikaa Makka mwaka 2006 kuhusu biashara ya dhamana ya aina hii kwa jumla, mkopo wa dalali ukiwemo, na likaikataa. Mwenye kutaka zaidi amuulize sheikh wake, na amweleze mkataba wote, asimwambie jina la akaunti tu.

Kwa mzazi anayetaka kujua mwanawe amesimama wapi, huhitaji kuelewa michoro. Mwambie afungue programu. Tafuta "Equity", hiyo ndiyo mali halisi kwa sasa, wala usitazame "Balance", kwa sababu "Balance" haihesabu biashara zilizo wazi na inaweza kukuonyesha 2,000 wakati zimebaki 300. Halafu uliza ameshika loti ngapi. Zidisha loti kwa 10, utapata dola anazopata au kupoteza kwa kila pointi ya euro na dola. Gawanya "Equity" kwa namba hiyo. Jibu ndiyo idadi ya pointi zilizobaki baina yake na sifuri, na kwa kweli ni pungufu kidogo kwa ajili ya ile kanuni ya dhamana. Ukipata 64, kama alivyokuwa mpwa wangu Ijumaa ile, basi mwendo wa siku moja unatosha kummaliza. Na uliza amefungua biashara ngapi mwezi huu. Hiyo nayo izidishe kwa mwanya.

Kijana aliniuliza swali la mwisho, nalo lilikuwa la maana. "Mjomba, nikipunguza loti? Nikifanya ndogo ndogo, bila ya mkopo?" Nilimwambia atakaa muda mrefu sana kabla ya kumaliza pesa, na huenda asiimalize. Lakini hesabu upande wa pili. Mtu anayesimamia pesa za wengine na akaleta faida ya asilimia 15 kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, anahesabiwa bingwa. Bingwa huyo akipewa dola 500 atazalisha dola 75 kwa mwaka, riali 29. Hakuna kijana atakayekesha mbele ya simu mwaka mzima kwa riali 29, na hakuna mwalimu atakayepiga picha na gari kwa riali 29. Dola 500 hazionekani kuwa biashara mpaka zikopeshewe mara ishirini, na zikishakopeshewa mara ishirini, mwanya na Ijumaa moja vinatosha.

Alinyamaza. Baadaye akachukua kalamu akaandika kwenye nyuma ya taarifa ile ile: michango sita ya upatu iliyobaki, riali 100 kila mwezi, kwa sababu dada alikuwa ameshapokea zamu na wenzake bado wanangojea zao. Anailipa yeye sasa, kwa kupeleka vyakula kwa gari kila baada ya Isha. Amebakisha miwili. Nyumba ya Unguja ilipita masika kwa turubali.